Ananuka au ananukia? Maneno ya ubao wa samaki wa kuchoma

SWALI: Nauza samaki wa kuchoma na wa kupaka jioni, hapa Mombasa. Kwenye ubao nimeandika: "Samaki mbichi wa kuchoma, mtamu ajabu, ananuka viungo, hakuna kama yeye! Pia kipande cha nguru aliyechomwa." Mteja mmoja kausoma akacheka, akaenda zake. Nimekosea wapi? Na niandikeje watu watamani bila mimi kutia chumvi?

JIBU: Aliyecheka alicheka "ananuka". Kunuka ni kutoa harufu mbaya: soksi hunuka, samaki wa juzi hunuka. Kinachopendeza pua hunukia. Herufi moja tu, lakini kwa muuza samaki ndiyo herufi ya kuchungwa kuliko zote, kwa sababu mteja wa samaki huja na shaka hiyo hiyo kichwani. Andika "ananukia tangawizi na thomu". Kwa sababu hiyo hiyo usiandike "hana shombo". Umekanusha, sawa, lakini neno shombo ndilo litakalobaki puani mwa msomaji.

Neno "mbichi" nalo lina maana mbili: ambaye hajaoza na ambaye hajaiva. Sokoni, mbele ya meza ya mvuvi, halina utata. Kwenye ubao wa chakula kilichopikwa linapigana na "wa kuchoma" lililo jirani yake, msomaji akabaki kujiuliza kama ataletewa samaki asiyeiva. Unachotaka kusema ni lini alivuliwa, basi kiseme hicho: "aliyevuliwa usiku wa kuamkia leo". Angalia hapo, si "usiku wa leo", maana huo bado haujafika. Kama samaki wako amelala kwenye barafu siku mbili, acha habari ya kuvuliwa kabisa, ueleze namna unavyompika. Si uongo kunyamaza kuhusu siku. Uongo ni kuandika "wa leo" kwa rangi ya mafuta kwenye ubao utakaokaa hapo mwaka mzima. Maneno ya siku yaandikwe kwa chaki.

"Wa kuchoma" ni sahihi, usilibadilishe kuwa "aliyechomwa". Muundo wa -a pamoja na kitenzi hutaja aina ya pishi: nyama ya kuchoma, mayai ya kuchemsha, samaki wa kupaka. "Aliyechomwa" husimulia mkasa uliompata samaki fulani, na kwa kuwa kuchoma pia ni kuunguza, mkasa wenyewe si wa kutamanisha. Kwa huko Mwambao unalo pia "kubanika", ambalo ni bora zaidi kama ndivyo unavyofanya: kuivisha juu ya makaa, kwa wavu au kijiti, bila ndimi za moto kumgusa. Msomaji akiona "wa kubanika" anayaona makaa. Mgeni kutoka bara anaweza asilijue, kwa hiyo kichwa cha ubao kibaki "samaki wa kuchoma", na maelezo chini yake yatumie kubanika.

"Kupaka" lilinde. Samaki wa kupaka hubanikwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju au ndimu akiwa bado juu ya makaa, mara kadhaa, hadi tui lishike kwenye ngozi. Ukimtokosa ndani ya tui sufuriani, huyo ni samaki wa nazi. Ni mtamu pia, ila anayejua kupaka atajiona amepunjwa.

Sasa "mtamu ajabu" na "hakuna kama yeye". Sarufi yake haina kosa, ila hayamwambii mtu chochote. Tamu kwetu ni ya asali, ya pilau na ya usingizi, na kila kibanda cha jirani kimeandika hivyo hivyo. Hapo ndipo chumvi inapotiwa ubaoni badala ya kutiwa kwa samaki. Badala ya hukumu, mpe msomaji kitu ambacho ulimi wake utaweza kukihakikisha baada ya dakika chache. Kitenzi cha kazi hiyo ni kukolea. "Amekolea thomu na tangawizi" huahidi kwamba viungo vimeingia nyamani, si kwamba vimepitishwa juu ya ngozi.

Lakini neno hilo lina gharama yake jikoni. Samaki mzima asiyechanjwa hakolei, kwa sababu ngozi huzuia viungo. Mchanje mara tatu kila upande, karibu kufikia mfupa wa kati, umpake viungo ndani ya michanjo, umwache kama saa moja. Ndimu mtie mwishoni, nusu saa au chini ya hapo, kwani ukali wake ukikaa sana huigeuza nyama kuwa nyeupe na ya kumumunyuka kabla haijaona moto. Kama unampaka na kumweka motoni papo hapo, andika "amepakwa", usiandike "amekolea". Na kama unachotumia ni limau, andika limau. Wapwani hawazichanganyi hizo mbili.

Jambo la mwisho ni upatanisho wa kisarufi, ambao umekuponyoka kwenye nguru. Samaki akiwa mzima hufuata viumbe: changu mzima, ananukia, amekolea. Wengi huandika "samaki nzima", si sahihi. (Mzima pia ni aliye hai, ila akiwa juu ya makaa hakuna atakayedhani hivyo.) Ukimkata, kinachotawala ni kipande: "kipande cha nguru kilichokolea ndimu". Na mishikaki ya jodari inanukia. Njia rahisi ya kukwepa mtego huu ni kiambishi hu-, ambacho hakibadiliki kwa ngeli yoyote: hubanikwa, hupakwa, hunukia. Tena kinafaa ubao kwa maana, kwa sababu hueleza desturi ya kibanda chako, si tukio la jana.

Ukiyatumia hayo, ubao wako utasomeka hivi:

Samaki wa kuchoma

Changu mzima wa kupaka. Amevuliwa usiku wa kuamkia leo. Amechanjwa, amekolea thomu, tangawizi na ndimu. Hubanikwa ukingoja, kisha hupakwa tui zito la ukwaju. Dakika 20.

Kipande cha nguru. Hubanikwa kwa chumvi, ndimu na pilipili. Hakina miiba midogo.

Sentensi ya kuvuliwa ndiyo ya chaki. Zile dakika 20 zipime kwa saa kabla ya kuziandika, kwa changu wa ukubwa unaouza na makaa unayotumia, kwa sababu hapo ndipo "ukingoja" linapogeuka kuwa sifa: mteja anajua samaki wake hakubanikwa saa kumi akapashwa moto saa mbili usiku. Ukiwa unawabanika mapema na kuwapasha, ondoa "ukingoja" pamoja na dakika zake. Sehemu nyingine zote zinaweza kubaki.

Kwa nguru nimeacha "amekolea" makusudi. Chumvi, ndimu na pilipili hutiwa juu kipande kikiwa tayari kwenye wavu, na "hubanikwa kwa" linatosha kueleza hivyo. Hiyo ya miiba ni kweli kwa nguru, ambaye mifupa yake ni mikubwa na rahisi kuondoa. Usiihamishie kwa changu.