Ratiba ya timu 8: ukimuacha wa kushoto awe mwenyeji siku zote, utaua timu ya watu

*"Wakuu, nimekabidhiwa kupanga ratiba ya ligi yetu, timu 8, nyumbani na ugenini. Nimetumia ile njia ya kuzungusha namba, timu ya kushoto ndiyo mwenyeji. Mzunguko wa pili nitageuza tu. Iko sawa?"*

Mkuu, kama hujaitoa hiyo ratiba, usiitoe. Kama umeshaibandika, kaibandue leo.

Mwaka 2019 nilipanga ligi ya timu 8 hapa Mwanza kwa njia hiyohiyo. Nilifundishwa na jamaa aliyejiita mzoefu wa ratiba, mtu wa miaka mingi kwenye kamati za mpira. Alinichorea kwenye karatasi: 8 inakaa palepale, nyingine zinazunguka, wa kushoto mwenyeji, basi. Nikamuuliza kama nyumbani na ugenini vitakaa sawa, akanijibu kuwa mwisho wa ligi kila timu inakuwa na mechi 7 nyumbani na 7 ugenini, nataka nini zaidi? Mpaka leo jibu lile linaniuma. Jumla ilikuwa sawa kweli. Kilichotuua ni mpangilio, na yeye hakuwahi kukaa akasoma mstari wa timu moja kuanzia raundi ya kwanza hadi ya mwisho.

Karatasi yake raundi ya kwanza ilikuwa hivi, mwenyeji anatangulia:

```
8-1   2-7   3-6   4-5
```

Raundi inayofuata unaongeza moja kwa kila namba isipokuwa 8, na 7 inarudi kuwa 1. Hapo timu zote zinakutana bila kurudia, sina ugomvi napo. Sasa ifuate namba 4, ambayo kwangu ilikuwa timu ya Nansio, Ukerewe. Raundi ya 1 hadi ya 3 wako nyumbani. Raundi ya 4 wanakwenda kwa 8, na kuanzia hapo hadi ya 7 wako ugenini. Halafu nikageuza mzunguko wa pili kama unavyotaka kufanya wewe, kwa hiyo zile mechi tatu za nyumbani za mwanzo zikawa za ugenini raundi ya 8, ya 9 na ya 10.

Hesabu mwenyewe. Igoma, Sengerema, Buswelu, Kisesa, Misungwi, Nyegezi, Magu. Mechi saba mfululizo, wiki saba, timu ya kisiwani haijacheza hata mara moja mbele ya watu wake.

Na Nansio si Buswelu, kwamba unadandia daladala unarudi. Wanapanda meli na wachezaji na mabegi, mechi inaisha jioni, meli ya kurudi siku hiyo hakuna, wanalala. Kocha wao alikuwa ananionyesha daftari la matumizi, kurasa zimechakaa pembeni kwa kufunguliwa: nauli, maji, chakula cha usiku, nauli. Upande wa mapato haukuwa na kitu, kwa sababu timu ile ilijiendesha kwa michango ya mashabiki uwanjani kwao, na uwanjani kwao hawakuwepo. Raundi ya 9 kule Nyegezi walifika wachezaji tisa. Walicheza tisa. Raundi ya 10 kule Magu hawakutokea kabisa, wapinzani wakapewa pointi za mezani, na timu nyingine zikaanza kulalamika kwamba wao walihangaika uwanjani kuzipata. Nilisimama kwenye kikao sina la kujibu. Vijana wale hawakuwa wazembe, karatasi yangu ndiyo iliwafilisi.

Ukitazama Igoma, namba 8, utaona ubaya wa upande wa pili. Walicheza mechi 7 za kwanza zote nyumbani wakaongoza ligi, kisha wakasafiri 7 mfululizo wakaporomoka. Msimamo wa nusu msimu haukumwambia mtu yeyote kitu cha kweli.

Kinachoniumiza zaidi ni udogo wa marekebisho. Anza raundi ya kwanza hivi:

```
1-8   2-7   6-3   4-5
```

Umepindua mechi ya 3 na 6, na 8 umemuanzisha ugenini. Endelea kuongeza moja kila raundi kama kawaida, ila mechi ya timu namba 8 unaipindua kila raundi: leo mgeni, raundi ijayo mwenyeji. Raundi ya 2 inakuwa 8-2, 3-1, 7-4, 5-6. Raundi ya 3 ni 3-8, 4-2, 1-5, 6-7. Nenda hivyo hadi ya 7.

Kisha andika mstari wa kila timu, N nyumbani, U ugenini. Usiruke hatua hii. Mzunguko wa kwanza unatoka hivi:

```
1  N U N U N U N
2  N U U N U N U
3  U N N U N U N
4  N U N U U N U
5  U N U N N U N
6  N U N U N U U
7  U N U N U N N
8  U N U N U N U
```

Namba 1 na 8 zinapishana mwanzo hadi mwisho, zilizobaki kila moja ina sehemu moja tu ya kurudia mara mbili. Kiongozi akikubana kwamba timu yake nayo isirudie kabisa, mwambie haiwezekani. Mistari isiyorudia ni miwili tu, wa kuanza N na wa kuanza U. Timu mbili zenye mstari uleule haziwezi kukutana, kwa sababu kila siku zote ziko nyumbani au zote ziko ugenini. Kwa hiyo timu mbili tu ndizo zitakazopona, na sita lazima zirudie angalau mara moja.

Sasa hilo la "nitageuza tu". Hata kwa ratiba hii nzuri, ukigeuza kuanzia raundi ya 1, angalia namba 6: U U inaifunga raundi ya 6 na ya 7, na N yake ya kwanza ikigeuka inakuwa U raundi ya 8. Tatu mfululizo ugenini. Namba 7 inapata tatu nyumbani. Dawa yake ni kuanza mzunguko wa pili na raundi ya 2 iliyogeuzwa, kisha ya 3, mpaka ya 7, na ile ya 1 iliyogeuzwa unaiweka mwisho kabisa. Nimeikagua timu kwa timu: msimu mzima kila moja inarudia mara mbili tu, na hakuna hata moja yenye tatu mfululizo. Kwa 1 na 8 marudio hayo yanaangukia raundi ya 7 na 8, na 13 na 14.

Kama una timu mbili zinazotumia kiwanja kimoja, wape 2 na 3, au 4 na 5, au 6 na 7, au 1 na 8. Itazame mistari yao, mmoja akiwa N mwenzake ni U kila raundi. Waliobaki wachote namba kwenye kofia mbele ya viongozi wote.

Ile ratiba mpya niliichora usiku mmoja mwaka uliofuata, nikampelekea kocha wa Nansio kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliisoma mstari wake kwa kidole, raundi moja moja, akihesabu meli.