Kabla hujauza korosho kumpeleka mtoto udaktari ng'ambo, soma matokeo yake ya kidato cha sita

Mwezi uliopita dada yangu alishuka kutoka Newala na binti yake wa pili. Walifika kwangu Magomeni, Mtwara mjini, jua likiwa limeshachwea, na kabla hata ya kupewa maji dada akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Kwetu Wamakonde jambo la mtoto hupita kwa mjomba, na mimi ndiye mjomba mwenyewe, tena daktari niliyesomea Uchina. Nadhani walitarajia niifungue, nicheke kwa furaha, kisha niulize ada ni kiasi gani.

"Mjomba, nimepata chuo," akaniambia mpwa wangu. "Wakala anasema nikilipa kishika nafasi mwezi huu, Septemba naondoka."

Ndani mlikuwa na barua ya chuo kikuu cha Uchina, shahada ya udaktari ya MBBS kwa Kiingereza, miaka sita. Barua haikuwa na kasoro, na chuo nakifahamu kwa jina. Nikamwomba karatasi nyingine ambayo haikuwemo kwenye bahasha: matokeo yake ya kidato cha sita. Akanionyesha kwenye simu. Baiolojia B, Kemia C, Fizikia E.

Naandika haya kwa ajili ya ile E.

Kwa hesabu ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, B ina pointi 4, C ina 3 na E ina 1. Jumla 8. Sifa ya kuingia udaktari hapa nchini ni pointi 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa hiyo wakala aliposema mtoto amevuka hakudanganya kwenye kujumlisha. Alichoruka ni nusu ya pili ya sentensi ileile: katika kila somo kati ya hayo matatu usiwe chini ya D. Mwenye D tatu ana pointi 6 tu, na anaingia. Mpwa wangu mwenye 8 anabaki nje kwa sababu ya somo moja.

"Lakini chuo cha kule hakikuuliza Fizikia," dada akasema.

Hakikuuliza, na hakina sababu ya kuuliza. Kinaweka masharti yake, kinapokea ada yake, kinatoa digrii yake. Ruhusa ya kumshika mgonjwa katika hospitali za Ligula, Ndanda au Nyangao haitolewi na chuo. Inatolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Baraza linataka kwanza TCU iseme kwamba digrii hiyo inatambulika. TCU nayo inapoipima digrii ya nje haiishii kwenye jina la chuo. Inaangalia kama chuo kina ithibati katika nchi yake, halafu inarudi nyuma kuangalia uliingiaje. Ndiyo maana mtu mzima mwenye shahada ya udaktari anatakiwa kuwasilisha na cheti cha kidato cha nne na cha sita pamoja na transkripti. Wengi hudhani ni urasimu. Sivyo: hapo ndipo E ya miaka sita iliyopita inapofufuka.

Nilikuwa na mwenzangu darasani kule aliyekuwa na E kama hiyo. Yeye alipitishwa mlango mwingine: wakala wake alimwambia atasoma kwanza mwaka mmoja wa maandalizi hukohuko, na huo utaziba pengo. Akausoma, akafaulu vizuri, akaingia mwaka wa kwanza, na kusema kweli alikuwa ananizidi katika anatomia. Tulirudi pamoja mwaka 2019. Mimi faili langu lilitembea, lake likakwama. Mwaka wa maandalizi ulikuwa mali ya chuo, haukubadili chochote kwenye matokeo yake ya Baraza la Mitihani. Leo anauza vifaa tiba Dar es Salaam. Anaishi vizuri, sisemi hafai, lakini mashamba ya baba yake hayakuuzwa ili akauze glovu.

Sasa, ipo karatasi ambayo ingemzuia mwenzangu asipande ndege. Inaitwa NOC, hati ya kutokuwa na pingamizi, nayo hutolewa na TCU kwa mwanafunzi anayekwenda kusoma nje. Unaiomba kabla ya kuondoka, kwa kuonyesha matokeo yako na barua ya chuo. TCU wakikuta sifa zako hazifiki au chuo hakitambuliki, unalijua hilo ukiwa bado Newala, na fedha zikiwa bado benki. Wakala wetu alituambia NOC ni ya wanaofadhiliwa na serikali tu. Mimi niliondoka bila hiyo, na kilichoniokoa ni kwamba matokeo yangu yalikuwa C na D mbili. Ni bahati, siyo akili. Wakala akikuambia NOC mtaifuatilia mkishafika, funga mkoba wako.

Tuseme mpwa wangu angekuwa na D ya Fizikia. Bado barua ya chuo ingehitaji kusomwa kwa utulivu. Kwa Uchina, Wizara ya Elimu ya huko tangu 2007 hutoa orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kufundisha MBBS kwa Kiingereza, na chuo kinaweza kuwa kikubwa na maarufu bila kuwemo. Kuna pia rejesta ya dunia ya vyuo vya udaktari, search.wdoms.org, ambayo mawakala hupenda kuifungua mbele ya mzazi. Kuikosa ni hatari, ila kuwemo hakumaanishi chuo kimethibitishwa. Wenye rejesta wenyewe wanasema hivyo. Halafu ipo fomu ya JW202, ile unayokwenda nayo kuomba viza ya masomo. Soma panapotajwa aina ya mwanafunzi na muda wa masomo. Kama mtoto ameahidiwa udaktari lakini fomu inasema ni mwanafunzi wa lugha kwa mwaka mmoja, basi amepelekwa kujifunza Kichina, na udaktari utajulikana mbele ya safari.

Kichina chenyewe kinahitaji aya yake. Mhadhara ni wa Kiingereza, mgonjwa si wa Kiingereza. Mwaka wa tano na wa sita unasimama wodini pembeni ya kitanda, bibi wa miaka sabini anaeleza maumivu yake kwa lahaja ambayo hata mwalimu wako wa lugha haisikii vizuri, na wewe unatikisa kichwa. Wenzangu waliokifanyia kazi Kichina tangu mwaka wa kwanza walipewa wagonjwa. Sisi wengine tulipewa mafaili.

Pengo hilo nililiona niliporudi. Aliyesoma nje hufanya mtihani wa Baraza la Madaktari kabla ya kuanza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini, na mtihani huo unauliza magonjwa ya hapa. Uchina ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa malaria ya ndani mwaka 2016, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa haina malaria. Mimi katika miaka sita nilimwona mgonjwa mmoja, fundi aliyetoka kazini Afrika, na wodi nzima ilikuja kumtazama. Kisha nakaa Dar es Salaam kwenye chumba cha mtihani naulizwa mtoto wa kilo 12 mwenye degedege na malaria kali apewe nini. Dawa niliijua, atesuneti ya sindano. Nikaandika miligramu 2.4 kwa kilo, dozi ya mtu mzima. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, yaani huyu alitakiwa kupata 36 kila dozi, sasa hivi, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Swali lililofuata lilikuwa la mjamzito mwenye kifafa cha mimba na jinsi ya kumwanzishia magnesiamu salfeti. Huko nako niliyumba. Nikafeli, nikakaa nyumbani miezi kadhaa, nikawa nakwenda kila asubuhi kusimama nyuma ya daktari mmoja mzee aliyenivumilia, nikaurudia na kufaulu.

Na baada ya mtihani kuna utarajali wa miezi 12, kwa usajili wa muda, ukizunguka idara kuu kama tiba, upasuaji, watoto na uzazi. Mwaka wa mafunzo ya wodini ulioufanya Uchina hauupunguzi hata siku moja. Kwa hiyo anayesema miaka sita anasahau mwaka wa nyumbani na miezi ya kusubiri karatasi. Baba yangu alijipangia miaka sita. Msimu wa 2017, bei ya korosho ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, ulinilipia mwaka wa tano bila jasho. Kipindi cha kusubiri hakikuwa na msimu wake.

Jirani yangu aliyekuwa amekaa nasi siku hiyo aliuliza kuhusu kijana wake anayetaka sheria ng'ambo. Nilimwambia ninachokijua, ambacho ni kidogo: TCU ni ileile, na baada ya hapo, anayetaka uwakili lazima apite Shule ya Sheria, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mwaka 2022 matokeo yake yalizua kelele nchi nzima pale wanafunzi 26 tu kati ya 633 walipofaulu masomo yote kwa jaribio la kwanza, na wengi wao wamesomea hapahapa, sheria za hapahapa. Aliyesoma sheria ya ardhi ya nchi nyingine ajipime mwenyewe. Dawa ya malaria ni ileile Beijing na Tandahimba, sheria ya ardhi siyo.

Tukarudi kwa mpwa wangu. Nilimwekea njia mbili mezani. Ya kwanza, arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, Mei ijayo, atafute hiyo D, kisha tuzungumze Uchina au Muhimbili, popote. Ya pili, asome stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kwenye chuo cha maafisa tabibu hapahapa Mtwara. Akitoka na GPA ya 3.0 au zaidi, na ufaulu wake wa sayansi wa kidato cha nne ukiwa mzuri, anaweza kuomba udaktari kwa njia hiyo, huku tayari ana kazi mkononi na malaria ya watoto anaijua kwa mikono yake.

Dada hakuifurahia hata moja. Alikuwa ameshawaambia watu kijijini. Mtoto alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Mjomba, kitabu chako cha Fizikia bado unacho?"

Sinacho, kimeliwa na mchwa zamani. Tumemnunulia kingine na amerudi nacho Newala. Wakala alimpigia tena jana kumwambia zimebaki nafasi mbili.