Maswali yenu: Likoma ya Malawi kwenye maji ya Msumbiji, na vipande vingine vilivyozungukwa

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvuvi hapa Kyela. Nasikia visiwa vya Likoma ni mali ya Malawi lakini viko Msumbiji. Imekuwaje, na watu wa huko wanahudumiwa na nani? – Msomaji, Kyela

Marahaba. Ni vya Malawi, na wanaowahudumia ni Malawi, ingawa ukisimama Likoma unaiona nchi kavu ya Msumbiji kilomita chache tu mbele yako, na Malawi yenyewe iko ng'ambo ya pili ya ziwa.

Chanzo ni kanisa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, hao hao waliotangulia kukaa Unguja, waliweka makao yao Likoma miaka ya 1880. Kutoka pale walihudumia vijiji vya ufukweni, hata Liuli ya kwetu. Mwaka 1903 wakaanza kujenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ambalo bado liko. Kwa hiyo Waingereza na Wareno walipoketi mwaka 1954 kugawana ziwa, mstari ulipitishwa katikati ya maji, lakini Likoma na jirani yake Chizumulu vikabaki Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Kila kisiwa kilipewa mkanda wa maji wa maili 2 za baharini kukizunguka. Ukishatoka kwenye mkanda huo, uko maji ya Msumbiji. Ule mvutano wetu na Malawi kuhusu mpaka wa ziwa ni wa upande wa kaskazini, hauvihusu visiwa hivi.

Kiutawala Likoma ni wilaya kamili, ndogo kuliko kata nyingi za huku kwetu, ina mkuu wa wilaya na mbunge wake. Hospitali ipo, na uwanja mdogo wa ndege upo. Jambo lililowaokoa watu wa Likoma ni kwamba makubaliano yale ya 1954 hayakuishia kwenye kuchora mstari. Yalisema pia kwamba wakazi wa pande zote mbili wanaruhusiwa kuyatumia maji yote ya ziwa kwa uvuvi na shughuli nyingine halali. Wewe mvuvi unaelewa maana yake: samaki hajui mpaka, na mtu hakamatwi kwa sababu upepo umemsogeza.

Kinachowasumbua ni usafiri. Meli ya Ilala, inayofanya kazi tangu 1951, ndiyo iliyobeba karibu kila kitu, kuanzia saruji na sukari hadi wagonjwa na wanafunzi. Kwa miaka mingi haikuwa na gati pale. Ilitia nanga nje, abiria wakashuka kwenye boti ndogo wakiwa na magunia na kuku wao, ziwa likichafuka kila mtu anasubiri. Meli ikienda matengenezo, kisiwa kinategemea boti za mbao. Lakini angalia vizuri: hiyo ni shida ya kisiwa chochote, hata Mafia wanaijua. Hakuna ofisa wa Msumbiji anayemzuia mwalimu wa Malawi kwenda kufundisha Likoma.

Kaka, habari za kazi. Mtu anayeishi kwenye kipande kama hicho, ila cha nchi kavu, akiugua au akiibiwa inakuwaje? Anavuka na pasipoti? – Msomaji, Makambako

Inategemea nchi mbili zimekubaliana nini kuhusu njia. Wasipokubaliana lolote, hali inakuwa mbaya kuliko unavyofikiri. Ngoja nikupe mfano ambao mimi nauona ndio mbaya kuliko yote duniani, na umekwisha juzi tu, mwaka 2015.

Kwenye mpaka wa India na Bangladesh, upande wa kaskazini, kulikuwa na vipande 162. Vya India vilivyokuwa ndani ya Bangladesh vilikuwa 111, na vya Bangladesh ndani ya India 51. Wenyeji wanaviita chhit. Asili yake ni mashamba ya mfalme wa Cooch Behar na ya watawala wa Kimughali, yaliyochanganyikana tangu karne ya 18. Wakati ule haikumsumbua mtu, kwa sababu mkulima alilipa kodi kwa bwana wake na kutembea anakotaka. Shida ilianza India ilipogawanywa mwaka 1947, kisha mwaka 1952 pasipoti na viza zikaanza kudaiwa mpakani.

Sasa fuata hatua kwa hatua. Wewe ni raia wa India, unaishi kwenye kipande kilichozungukwa na Bangladesh. Ukitoka tu nje ya shamba lako umeingia nchi ya watu, kwa hiyo unahitaji viza. Kupata viza lazima uwe na pasipoti. Pasipoti inatolewa mjini, India. Kufika huko lazima upite Bangladesh, ambako huwezi kupita bila viza. Kisheria, basi, hukuwa na njia yoyote ya kutoka nyumbani kwako. Kila mtu aliyekwenda sokoni alikuwa mhalifu, na askari akitaka kumkamata anamkamata.

Serikali nayo ilikwama kwenye mtego huo huo. Polisi wa India hakuweza kuvuka Bangladesh akiwa na sare na bunduki kwenda kupeleleza wizi wa ng'ombe. Mwalimu hakwenda, karani wa sensa hakwenda. Nyaya za umeme zilipita jirani, kijiji cha ng'ambo ya mfereji kina taa, wao wana vibatari. Wakajiendesha wenyewe. Walichagua kamati za wazee, zikawa zinasuluhisha ugomvi na kuandika mauzo ya ardhi kwenye karatasi zenye muhuri wa kamati, ambazo nje ya kipande hazikutambulika popote.

Hospitali ndipo panaponiuma zaidi. Mama wa kipande cha Bangladesh kilicho ndani ya India akishikwa na uchungu, hospitali ya karibu ni ya India. Mapokezi wanauliza jina la mume na kitambulisho. Akisema ukweli, anaweza kurudishwa au kukamatwa. Basi anataja jina la mwanamume wa kijiji jirani, raia wa India, ambaye amekubali kwa urafiki au kwa malipo. Mtoto anazaliwa, cheti kinaandikwa, na baba kwenye cheti si baba yake. Akianza shule ni jina hilo, akifanya mtihani ni jina hilo. Baba mzazi akifariki, mtoto hana karatasi hata moja inayomwonyesha kuwa mrithi wa shamba.

Sasa kwa nini wasibadilishane tu hivyo vipande yakaisha? – Msomaji, Mafinga

Ndivyo walivyofanya, ila iliwachukua miaka 41. Mkataba ulisainiwa mwaka 1974 na Indira Gandhi na Sheikh Mujibur Rahman. Kilichokwamisha ni hesabu ya ardhi. India ingetoa ekari zipatazo 17,160 na kupokea kama 7,110. Kwa mtu wa Delhi aliyeangalia tarakimu tu, nchi yake inapunjwa. Lakini ardhi ile India ilikuwa nayo kwenye ramani pekee, haikuwahi kukusanya kodi wala kupeleka dawa. Hata hivyo kutoa ardhi kulihitaji kubadilisha katiba, na wanasiasa hawakutaka lawama hiyo. Badiliko la 100 la katiba ya India lilipitishwa mwaka 2015, na usiku wa manane wa Julai 31 mwaka huo vipande vikabadilishwa.

Watu waliulizwa wanataka uraia upi. Kwenye vipande vya India walikuwa kama 37,000, na waliochagua kuhamia India hawakufika 1,000. Wengine walibaki walipo wakawa raia wa Bangladesh. Kwenye vipande vya Bangladesh walikuwa kama 14,000, na hakuna hata mmoja aliyechagua kuhama. Sishangai. Shamba lako lipo pale, kaburi la mama yako lipo pale, soko unalolijua lipo pale.

Waliohama waliwekwa kwanza kwenye kambi za muda. Waliobaki walipata vitambulisho, barabara na umeme, kisha wakaanza kuhangaika na ardhi: zile karatasi za kamati zilipaswa kugeuzwa kuwa hati za serikali, na ambaye karatasi yake imeliwa na mchwa, au ambaye baba yake kwenye cheti ni yule wa kuazima, alikuwa na kazi ya kujieleza.

Kipande kimoja hakikubadilishwa, Dahagram cha Bangladesh. Hicho kilipewa njia. Tangu 1992 kuna ukanda wa mita 178 kukatiza ardhi ya India, unaitwa Tin Bigha. Mwanzoni ulifunguliwa kwa saa maalumu za mchana tu, kwa hiyo aliyeugua usiku alisubiri kukuche. Ni mwaka 2011 ndipo ulipoachwa wazi saa 24. Mita 178 ni fupi kuliko mitaa mingi ya Mwanjelwa, na bado wamegombania saa za lango kwa miaka 19.

Hapa Tunduma mtu ananunua kitunguu Zambia na nyanya Tanzania bila kukunja kona. Je, na sisi ni kipande? – Msomaji, Tunduma

Hapana. Tunduma imegusana na Nakonde, lakini nyuma yako una barabara ya kwenda Mbeya ambayo ni Tanzania mwanzo mwisho. Umeme wenu, askari wenu na mitihani yenu vinafika bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kipande kamili ni pale ambapo hata ukitembea upande gani, lazima upite kwa jirani.

Kuna mahali popote ambapo jambo hili limepangwa vizuri? – Msomaji, Iringa

Büsingen. Ni kijiji cha Ujerumani chenye watu kama 1,500 kando ya mto Rhine, kimezungukwa na Uswisi pande zote. Mkataba wao ulianza kutumika mwaka 1967, na uzuri wake ni kwamba uliingia kwenye mambo madogo madogo.

Kwa ushuru wa forodha, Büsingen inahesabiwa kama Uswisi, hivyo lori la mkate halisimamishwi. Polisi wa Uswisi wanaruhusiwa kuingia na kukamata, lakini idadi yao imewekewa kikomo, wasije wakakigeuza kijiji kuwa chao. Magari yana namba zinazoanza na BÜS, ofisa wa forodha akiziona anajua gari hilo si la mgeni. Posta ina namba mbili, ya Ujerumani na ya Uswisi, na barua inafika kwa yoyote kati ya hizo. Watoto wakimaliza shule ya msingi kijijini, wazazi wanachagua waendelee nchi ipi. Dukani pesa inayotembea zaidi ni faranga ya Uswisi.

Kasoro ipo kwenye kodi. Mapato yanatozwa kwa sheria ya Ujerumani, ambayo ni nzito kuliko ya Uswisi, wakati bei za maisha ni za Uswisi. Kijana anayefanya kazi mjini Schaffhausen akipiga hesabu anaona bora apange chumba huko huko. Wazee ndio wanaobaki. Na mwaka 1918 wakazi walipigishwa kura, asilimia 96 wakasema wanataka kuwa Uswisi. Ilishindikana, kwa sababu Uswisi haikuwa na kipande cha kuwapa Wajerumani badala yake.