Kukamua na kumwaga hakusafishi maziwa

SWALI: Nina mtoto wa wiki sita, namnyonyesha tu. Nimeng'oa jino, nimepewa amoksisilini na parasetamoli, muuzaji wa duka la dawa kaniambia nisimamishe kunyonyesha siku tano. Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu na nataka bia mbili. Shoga yangu anasema nikikamua nikamwaga, maziwa yanakuwa safi. Je, ni kweli? Na kahawa je? Na bangi, ambayo huwa navuta mara mojamoja?

JIBU: Dada, meza dawa zako na umnyonyeshe leo hii. Amoksisilini anapewa mtoto mchanga mwenyewe akiugua, tena kwa dozi ambayo hawezi kuipata kwenye maziwa yako hata anyonye mchana kutwa. Parasetamoli vilevile. Ukiona choo chake kimelegea kidogo, au utando mweupe mdomoni usiofutika, mpeleke kliniki wamtazame, ila ziwa usimnyime.

Shoga yako sasa. Hilo la kukamua na kumwaga tunaulizwa kila wiki, na linatoka kwenye picha moja potofu: kwamba titi ni simtanki, uchafu ukiingia unafungua koki, unamwaga, unajaza upya. Titi haliko hivyo. Kati ya damu na maziwa kuna ukuta mwembamba wa chembe hai, na pombe inaupita kwenda na kurudi bila kizuizi. Damu ikiwa na pombe, maziwa nayo yana pombe kwa kiwango kilekile. Damu ikipungukiwa, pombe iliyo ndani ya maziwa inarudi kwenye damu yenyewe. Kwa hiyo ukimwaga saa 3 usiku wakati damu bado ina pombe, maziwa yatakayotengenezwa saa 4 yatakuja nayo tena. Kinachosafisha ni ini lako na muda. Maji mengi, kahawa chungu, supu ya ndizi, havisogezi saa hata dakika moja.

Tupige hesabu ya Jumamosi. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Mwanamke wa kilo 60 hivi huhitaji takriban saa tatu na nusu kuimaliza chupa moja, akihesabu tangu alipoanza kunywa. Chupa mbili ni kama saa saba. Ukianza saa 1 jioni, ziwa linakuwa huru kwenye saa 8 usiku, na katikati hapo mtoto wa wiki sita atataka kunyonya mara mbili au tatu. Ukinywa moja tu, tena baada ya kumnyonyesha na ukiwa umekula, huenda ukavuka kwa kuruka nyonyo moja peke yake. Mimi ningekushauri hiyo moja.

Maziwa ya kumwachia unayakamua kabla: Ijumaa, na Jumamosi asubuhi baada ya kumnyonyesha, wakati matiti huwa yamejaa zaidi. Kila mlo uwe kama mililita 90 hadi 120 kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Nje, katika joto letu, usiyahesabie zaidi ya saa nne. Bibi yake ampe kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa wima, ayalambe mwenyewe badala ya kumiminiwa. Ukiwa ukumbini matiti yakajaa na kuuma, kamua umwage, lakini ujue unachofanya: unajiepusha na ziwa kuvimba na maziwa kupungua, basi.

Mtoto halewi kama aliyenyweshwa bia, maana maziwa yako hayafiki hata asilimia 0.1 ya pombe pale bia ina 5. Tatizo ni kwamba ini lake halijakomaa, usingizi wake unakatikakatika, na kwako wewe pombe inaikandamiza homoni inayoyasukuma maziwa yatoke, hivyo ananyonya sana na kupata kidogo. Wale wanaosema pombe ya kienyeji inaongeza maziwa hawajaona hilo: titi linajaa, linaonekana zito, kumbe halitoki. Gongo liache kabisa, kwani hakuna anayejua nguvu yake wala kilichomo. Na ukiwa umekunywa, hata kidogo, usilale kitanda kimoja na mtoto.

Kwenye kahawa umri ndio unaoamua. Mwili wa mtu mzima hutoa nusu ya kafeini kwa saa tano hivi, lakini wa mtoto aliyezaliwa juzi huchukua siku tatu au nne, na uwezo huo unakua taratibu hadi miezi sita. Kwa hiyo kidogo cha leo kinakaa juu ya kidogo cha jana. Vikombe viwili vya chai na kimoja cha kahawa kwa siku havina neno. Usizidi miligramu 300, na kwa umri wa mtoto wako ningebaki kwenye 200. Kopo la nusu lita la vile vinywaji vya kuongeza nguvu, enaji, lina kama 160 peke yake. Wengi pia wanasahau vidonge vya kichwa vya dukani vyenye kafeini, ambavyo mara nyingi vina aspirini pia, na aspirini si ya mama anayenyonyesha kujimezea. Mtoto akiwa macho makubwa, anatetemeka, halali, punguza kafeini umwangalie kwa siku kadhaa, maana hatatulia siku hiyohiyo.

Bangi haina hesabu ya saa. Kile kilevi chake kinapenda mafuta, maziwa yana mafuta, na mwili wako una akiba ya mafuta inayokitoa polepole. Kimeonekana kwenye maziwa siku sita baada ya kuvuta, na kwa wanaovuta mara kwa mara wiki kadhaa. Kwa hiyo hakuna "nitavuta Jumamosi ninyonyeshe Jumatatu". Acha kabisa miezi hii, na moshi wa mtu mwingine usiingie chumba cha mtoto. Kama umeshavuta, usimwachishe ziwa kwa hofu. Mweleze muuguzi wa kliniki ukweli.

Kinachoudhi ni kwamba muuzaji yuleyule anayekuzuia kunyonyesha kwa sababu ya amoksisilini anaweza kukuuzia dawa ya kikohozi yenye kodeini bila kukuuliza kama unanyonyesha. Ini hugeuza kodeini kuwa mofini, na kuna watu, wa Pembe ya Afrika hasa, ambao huigeuza upesi na kwa wingi. Tangu 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kuwa kodeini na tramadoli zisitumike na mama anayenyonyesha. Mtoto akilala kupita kiasi, hanyonyi, anapumua polepole, ni hospitali mara moja. Kuna pia vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini, ambavyo vinakausha maziwa. Na wanaouza unga wa "kusafisha ziwa" nao wapo, wakati hakuna unga unaoondoa kitu kwenye maziwa bila kukiondoa kwanza kwenye damu.

Ukisimama tena kwenye kaunta, usiulize "hii inaingia kwenye maziwa?", kwa sababu karibu kila dawa inaingia kidogo. Uliza kama mtoto mchanga mwenyewe huandikiwa, na ni sehemu gani ya dozi yako inamfikia, kwa kupima uzito wake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa dawa nyingi haina wasiwasi. Ya saratani, au madini ya mionzi, ni habari nyingine, hapo daktari ndiye anayepanga. Asiyejua kukujibu akufungulie LactMed, hazina ya taarifa za dawa na kunyonyesha, kwenye simu yake, inasomwa bure, mtazame pamoja jina lililoandikwa kwenye kopo.