Ukinitumia picha ya ua, usinitumie majani peke yake

Mwezi Julai mpwa wangu anayekaa Roysambu, Nairobi, alinitumia picha kwa simu. Mmea wa chungu, mabua manne marefu, majani manene yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, na mabua mawili yamegeuka njano. Akaandika: "Shangazi, hili linaitwaje, na nilipe maji mara ngapi? Nalimwagilia kila Jumamosi na bado linakufa."

Jina halikunisumbua. Ni Zamioculcas zamiifolia, ambalo Nairobi nzima wanaliita ZZ. Angalia jinsi majani madogo yanavyopangana mawili mawili kwenye bua, na jinsi bua lenyewe linavyonenepa linapokaribia udongo. Kuna mimea jamii ya saikadi inayofanana nalo kwa mbali, lakini majani ya saikadi ni magumu na makavu ukiyashika, na yote hutoka juu ya kishina kimoja katikati. Mabua ya ZZ hutoka moja moja ardhini, kutoka kwenye viazi vilivyofukiwa. Ni mmea wa kwetu huku Afrika Mashariki, umezoea miezi ya ukame, na viazi hivyo ndivyo tangi lake la maji.

Jina linakuambia mmea unapenda nini. Halikuambii uko wapi, umepandwa ndani ya nini, wala ni mwezi gani. Ndiyo maana nilimwomba anitumie picha nyingine tatu: ya shina mahali linapoingia udongoni, ya kitako cha chungu, na ya chumba kizima saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa.

Picha ya shina ilinipa jibu karibu lote. Juu ya udongo palikuwa na utando wa kijani, ule unaoota kwenye ukuta wenye unyevu, na yale mabua ya njano yalikuwa yamelainika chini na kuwa ya kahawia. ZZ lenye kiu haliwi hivyo. Lenye kiu bua lake hujikunja mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na majani madogo huanguka yakiwa bado makavu. Njano pamoja na ulaini chini ni maji yaliyozidi. Watu wengi wakiona njano hukimbilia kuongeza maji, na hapo ndipo mmea huu humalizika.

Kitako cha chungu kilikuwa cha kauri, kizuri, bila hata tundu moja. Ndani yake alikuwa ameweka kokoto chini ili maji yashukie huko. Kokoto hazisaidii. Maji hushikwa na udongo ulio juu yake, na yale yanayoshuka hayana pa kutokea. Juu ya kokoto kulikuwa na udongo mwekundu mtupu, ule ule uliokuja na mfuko mweusi wa plastiki kutoka kwa wauza miche wa kando ya barabara. Shambani udongo huo hauna kasoro. Ndani ya chungu hushikamana ukawa kama tofali, na mizizi ikakosa hewa.

Halafu mwanga. Dirisha lake linatazama kusini, na mbele yake kuna ghorofa la jirani. Hapa naomba uwe makini na ushauri wa mtandaoni, kwa sababu mwingi umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako dirisha la kusini ndilo lenye jua. Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Kwa hiyo dirisha la mpwa wangu hupata jua Desemba na Januari, na mwezi Julai halipati hata mwale. Ongeza mawingu ya Juni hadi Agosti na baridi ya usiku, na una mmea uliosimama kabisa kukua. Mmea usiokua haunywi. Lita ile ile iliyotosha Februari inaoza mizizi Julai.

Kupima mwanga hakuhitaji kifaa. Saa sita mchana shika mkono wako kama futi moja juu ya majani na utazame kivuli. Kikiwa na ukingo mkali, mwanga ni mkubwa na jua la moja kwa moja litachoma majani ya ZZ. Kikionekana lakini kingo zimefifia, hapo ndipo linapostawi. Kisipoonekana, litaishi lakini litakua polepole sana, mabua yatarefuka na kuinamia dirishani, na maji lazima yapungue zaidi. Kwa mpwa wangu kivuli hakikuonekana. Tukalisogeza sebuleni, hatua moja kutoka dirisha la mashariki.

Kwa kawaida nisingehamishia mmea chungu kipya Julai. Wakati mzuri ni mvua za masika zinapoanza na joto lipo bado, na ZZ huhitaji chungu kipya kila baada ya miaka miwili au mitatu tu, viazi vinapoanza kusukuma kuta za chungu mpaka plastiki inabenuka. Ila mmea unaooza haungoji msimu. Tukauchomoa, tukakung'uta udongo. Viazi viwili vilikuwa vya kahawia, vinabonyea na vinanuka. Vilivyobaki vilikuwa vigumu, vyeupe vyenye umanjano. Tulikata vilivyooza kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti, tukavaa glavu kwa sababu utomvu wake unawasha ngozi (na majani yake yasifikiwe na mtoto wala paka). Vizima tukaviacha kivulini siku mbili mpaka vidonda vikauke.

Chungu kipya kilikuwa cha plastiki chenye matundu, kikubwa kuliko viazi kwa vidole viwili tu kila upande. Chungu kikubwa mno hubeba udongo mwingi ambao mizizi haiufikii, nao hubaki umelowa. Mchanganyiko: sehemu mbili za udongo mwekundu, moja ya mboji iliyoiva, na mbili za pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu ya volkano ya Bonde la Ufa. Ukikosa pumisi, tumia mchanga wa mto wenye chembe kubwa, si ule laini wa kupigia plasta. Kile chungu cha kauri hakikutupwa. Cha plastiki kinakaa ndani yake na kutolewa siku ya kumwagilia, maji yachuruzike kwanza kwenye sinki.

Baada ya kupanda hatukutia maji kwa wiki nzima. Tangu hapo Jumamosi haina kazi tena. Anachomeka kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu na kukiacha kidogo. Kikitoka kimeshika udongo, hamwagilii. Kikitoka kikavu, anamwagilia mpaka maji yatoke matunduni. Julai na Agosti hiyo iliangukia kama mara moja kwa mwezi. Januari na Februari, jua likiwa kali, huwa kila wiki mbili au tatu.

Mabua mawili ya njano hayakurudi kuwa kijani, na hayarudi kamwe, kwa hiyo tuliyakata. Novemba, vuli ilipokolea, alinitumia picha nyingine, safari hii ya shina bila kuombwa: bua jipya limechomoza udongoni, rangi ya kijani mbichi, limesimama wima na majani bado yamejikunja. Akauliza kama aanze mbolea. Nikamwambia angoje bua lifunguke lote, kisha atie nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na Juni ikifika aache.