Mkataba wa timu iliyotawanyika: andikeni saa, ukomo na maana ya ukimya

Swali: Naratibu mradi wa takwimu za uvuvi Ziwa Tanganyika, nipo Kigoma. Tuko sita: wawili Kigoma, mmoja Bujumbura, mmoja Kalemie, msimamizi wa fedha yuko Kopenhagen na mchambuzi wa takwimu Minneapolis. Mwanzoni tuliandika mkataba wa timu wa kurasa nne, wote tukasaini. Sasa watu wanakosa vikao, swali linakaa wiki bila jibu, na simu zinalia usiku. Tuongeze nini kwenye mkataba?

Jibu: Ndugu mratibu, anzeni kwa kupunguza. Chukueni kila kifungu mkiulize hivi: mtu akikivunja Jumanne, wengine watajuaje? "Tutaheshimiana" na "tutawasiliana kwa uwazi" havina jibu, kwa hiyo vitoke. "Ujumbe wa kawaida unajibiwa kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata ya aliyeupokea" unapimika, huo ubaki. Mkishachuja hivyo, mara nyingi kinachobaki kinaenea ukurasa mmoja, na humo ndimo mnamoingiza mambo ambayo timu iliyotawanyika haiwezi kuyaachia mazoea: saa, ukomo wa maamuzi, na namna ya kupokezana kazi.

Saa ndizo zenye kazi kubwa, tuzichambue. Kigoma iko saa moja mbele ya Bujumbura na Kalemie mwaka mzima, na miji hii mitatu haisogezi saa zake. Kopenhagen na Minneapolis husogeza, tena kwa tarehe tofauti. Kwa mwaka 2026, Marekani inasogeza mbele tarehe 8 Machi na Ulaya tarehe 29 Machi. Kurudi nyuma, Ulaya ni tarehe 25 Oktoba na Marekani tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo Minneapolis iko nyuma ya Kigoma kwa saa nane kuanzia Machi hadi mwisho wa Oktoba, halafu saa tisa miezi iliyobaki. Kopenhagen iko nyuma kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi.

Tuseme Kigoma, Bujumbura, Kalemie na Minneapolis wanafanya kazi 08:00 hadi 17:00, na Kopenhagen 08:00 hadi 16:00, kila mtu kwa saa za kwake. Kiangazi cha wenzenu, ikiwa 16:00 Kigoma, ni 15:00 Bujumbura, Kalemie na Kopenhagen, na 08:00 Minneapolis. Saa hiyo moja, hadi 17:00 Kigoma, ndiyo pekee ambayo wote sita mko kazini. Kuanzia Novemba inatoweka: Minneapolis wanapofungua ofisi, Kigoma mnafunga. Hakuna namna ya kupanga itakayoirudisha. Lazima mtu fulani atoke nje ya saa zake, na mkataba useme ni nani na kwa muda gani.

Pendekezo langu ni kikao kimoja kwa wiki, Jumanne, cha dakika 45. Kuanzia 8 Machi hadi 31 Oktoba kifanyike 16:00 Kigoma. Novemba na Desemba Kigoma ndio wabebe mzigo: kikao kihamie 17:00. Januari hadi 7 Machi abebe wa Minneapolis: kikao kirudi 16:00 Kigoma, ambayo kwake ni 07:00 asubuhi. Zipo timu zinazobadilishana kila wiki zikidhani ndiyo haki zaidi, lakini kwa kikao cha wiki mpangilio huo unazaa makosa, kwa sababu hakuna anayekumbuka wiki hii ni zamu ya nani.

Mnapopanga mzigo huo, hesabuni saa halisi, si za kwenye karatasi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi hushusha alfajiri. Mtu aliyekuwa mwalo wa Kibirizi au Katonga saa kumi na mbili asubuhi akihesabu ndoo, ikifika saa kumi na moja jioni ameshafanya kazi saa kumi na moja. Kama ndiyo hali ya mwenzako wa Kigoma, kifungu kimruhusu kuanza mapumziko saa nane mchana siku ya kikao cha jioni. Jambo la pembeni lakini lina faida: siku za mbalamwezi kali uvuvi wa taa hupungua sana, kwa hiyo vikao virefu, kama cha kupitia mkataba wenyewe, wekeni siku hizo.

Sasa kwa nini watu wanakosa vikao? Kaguzi ya kwanza ni kalenda. Fungua mwaliko wa kikao uangalie ukanda wa saa uliowekwa. Ukisomeka `Europe/Copenhagen`, umefungwa kwenye saa za Kopenhagen, na kikao kinahama kwenu kila Ulaya inaposogeza saa. Kikiwa 15:00 Kopenhagen, kati ya 8 na 29 Machi kitaangukia 17:00 Kigoma na 09:00 Minneapolis, kisha ghafla kitarudi 16:00 na 08:00. Anayefuata simu yake atafika, anayefuata kumbukumbu yake atakosa. Futa mwaliko huo utengeneze mpya wenye `Africa/Dar_es_Salaam`, kwa kuwa wanne kati yenu mnaishi kwa saa zisizohama.

Katika maandishi yote ya mradi tumieni mfumo wa saa 24 na jina la mji: "16:00 Kigoma". Katika mazungumzo yenu ya Kiswahili endeleeni na saa kumi yenu, lakini isiingie kwenye jedwali ambalo mwingine atalisoma kama 10:00. Mwezi nao uandikwe kwa jina. 3/7 kwa Mmarekani ni tarehe 7 Machi, kwenu ni tarehe 3 Julai.

Maswali kukaa wiki bila jibu ni ugonjwa mwingine, na chanzo chake ni kwamba mkataba haujasema ukimya una maana gani. Kifungu kinachofanya kazi kina sehemu nne: nani anaamua, nani lazima aulizwe, ukomo ni lini, na ukomo ukipita bila pingamizi nini kinafuata. Kwa mambo yanayoweza kurudishwa nyuma, ukimya uwe ridhaa. Kwa fedha, kwa kufuta data na kwa kutoa takwimu nje ya mradi, ukimya uwe hapana, na mwenye uamuzi apige simu.

Ukomo ndio unaowashinda wengi. "Saa 24" haufai, maana swali lililotumwa Ijumaa saa tisa mchana Kigoma linaisha Jumamosi. "Siku mbili za kazi" ni bora, ila siku za nani? Tuchukue mfano. Jumatatu 29 Juni 2026 Kigoma mnapendekeza fomu ya mwaloni itenganishe aina mbili za dagaa ambazo hadi sasa zinapimwa pamoja. Jumanne 30 Juni ni sikukuu ya uhuru Kongo, Jumatano 1 Julai ni ya Burundi. Mkihesabu kalenda tu, ukomo unaisha Jumatano, na wenzenu wa Kalemie na Bujumbura, wanaozijua hizo dagaa kuliko mchambuzi, kila mmoja amepata siku moja tu. Mkihesabu siku ambazo wote sita mko kazini, mtapata Alhamisi tarehe 2, kisha Ijumaa ofisi nyingi za Marekani zimefungwa kwa sababu tarehe 4 Julai imeangukia Jumamosi, na ukomo unasogea hadi Jumatatu tarehe 6.

Kanuni nzuri ni hii: kila anayeulizwa apewe siku mbili za kazi *zake*, na ukomo ni wa yule anayemaliza mwisho. Kalemie anahesabu Jumatano na Alhamisi, Bujumbura anahesabu Jumanne na Alhamisi, waliobaki wamemaliza Jumatano. Ukomo ni Alhamisi 2 Julai, 18:00 Kigoma, yaani 17:00 kwa Kalemie na Bujumbura. Hakuna aliyepunjwa, na hamkusubiri hadi wiki inayofuata. Mwenye swali ndiye anayepiga hesabu hiyo na kuandika tarehe na saa yenyewe ndani ya ujumbe. Msiwaachie wasomaji wahesabu. Uamuzi ukishapita uingie kwenye daftari la maamuzi, lahajedwali moja yenye tarehe, uamuzi, aliyeamua na sababu kwa sentensi moja. Kilichokubaliwa kwenye WhatsApp bila kuingia humo hakijaamuliwa.

Kupokezana kazi kunadai uangalifu kwa sababu ya hesabu ile ile ya saa. Wakati wa kiangazi, mchambuzi anafungua maelezo yako 16:00 ya kwako. Asipoyaelewa akauliza 17:30, wewe umeondoka. Ukimjibu kesho 08:00, kwake ni usiku wa manane. Ataliona jibu 16:00 tena. Neno moja lisiloeleweka limekula siku nzima. Maelezo yanayojitosheleza yanafanana na haya:

> Fomu za Kibirizi na Katonga, 12 hadi 16 Mei. Nimepakia 38 kati ya 40. Mbili za Kibirizi hazina uzito wa migebuka. Usizisahihishe, namwona mkusanyaji kesho 07:00 Kigoma. Ninachohitaji: angalia kama safu ya saa za kuvua inasomeka. Nijibu kabla ya kesho 17:00 Kigoma. Nisipopata jibu, naendelea kupakia kama ilivyo.

Humo kuna kilichofanyika, kilichobaki, kisichoguswa, ombi moja na ukomo wake. Kama ombi ni zaidi ya moja, yapewe namba, la sivyo la pili halijibiwi.

Kuhusu simu za usiku, mkataba utaje dharura kwa majina. Kwa mradi wenu naziona mbili: mtu wenu yuko hatarini ziwani au njiani, au data inapotea sasa hivi. Hizo zinapigiwa simu saa yoyote. Mengine yote ni maandishi, na aliyeyapokea nje ya saa zake hadaiwi jibu. Kukatika umeme au kuisha bando si kosa la nidhamu, ila anayetoweka zaidi ya nusu siku atume ujumbe mfupi wa kawaida kwa mratibu, ambao hauhitaji intaneti.

Msipeleke rasimu kwa imeili mkaomba saini. Nadhani ndivyo mkataba wa kwanza ulivyokufa. Kila mtu ajaze mwenyewe jedwali lenye saa zake za kazi, siku zake za kupumzika na saa moja anayoweza kujitolea nje ya ratiba. Mratibu aziunganishe, kisha mzijadili kwa dakika 90 kwenye simu. Jaribuni kwa wiki sita bila kubadilisha kitu. Baada ya hapo pitieni daftari la maamuzi na orodha ya mahudhurio: kifungu kilichovunjwa zaidi ya mara tatu na watu tofauti kimeandikwa vibaya, kibadilisheni. Kikiwa kinavunjwa na mtu mmoja tu, zungumzeni naye faragha kabla ya kugusa maandishi. Mapitio yanayofuata yawe wiki ya mwisho ya Februari na wiki ya pili ya Oktoba, kabla saa za wenzenu hazijahama.