Bosi anasema meseji yangu inakwepa

“Nilimwandikia bosi: ‘Ankara haikutumwa jana, nadhani labda itatumwa kesho.’ Kanijibu: unakwepa. Kosa liko wapi?” (Karani, Kariakoo)

Pole, ndugu. “Haikutumwa” inamficha mtendaji, na bosi anayesubiri hela ya mteja atauliza kwanza: nani hakutuma? Kisha “nadhani” na “labda” zimekaa juu ya ahadi, mahali anapotaka uhakika. Ningeandika hivi:

“Samahani bosi, jana sikutuma ankara kwa sababu stoo hawakunipa idadi ya katoni. Naituma kesho saa nne asubuhi.”

Usizitupe kauli kama “haikutumwa” na “nadhani”, lakini. Mwenzako akiacha tarehe kwenye fomu, “tarehe haijajazwa” inamsitiri; “hujajaza tarehe” inamnyooshea kidole, hasa kwenye grupu la ofisi. “Nadhani” nayo ibaki pale ambapo kweli huna hakika, mara moja tu: “Nadhani mzigo utatoka bandarini Ijumaa, nitathibitisha Alhamisi.”

Ila kama hela imepotea au umepewa barua ya kujieleza, usikimbilie kuandika “mimi nilifanya”. Muone kwanza mtu wa chama cha wafanyakazi au mwanasheria, maana maandishi hayo yanaweza kutumika kama ushahidi.